Rasimu za Furaha
Ripoti ya programu ilimtosha mwalimu: tasnifu ya Furaha kuhusu wachimbaji wadogo wa shaba iliandikwa na akili bandia. Kwa kuwa umeme hukatika ovyo pale Katuba, Furaha alikuwa ameandika rasimu zake kwa kalamu, akaziwasilisha mbele ya tume zikiwa na madoa ya mshumaa na sentensi zilizofutwa mara mbilimbili. Tume ikaahirisha kikao. Akaleta historia ya faili, wakaahirisha tena.

“Profesa, niulize ukurasa wowote.”

Aliulizwa takriban kurasa zote, akajibu. Akaongeza kwamba OpenAI yenyewe, kampuni iliyounda ChatGPT, iliondoa kipimaji chake cha kutambua maandishi ya akili bandia mwaka 2023 kwa kukosa usahihi. Barua ya kumsafisha ilitoka baada ya mahafali, bila neno la pole.