Ajenda ya kikao cha Alhamisi, baiolojia (mtihani Jumatatu saa 3 asubuhi)

Wadau, hiki ndo kikao cha mwisho kabla ya pepa so tunaanza saa 10 kamili, atakayechelewa aingie kimyakimya asituulize tumefika wapi.

10:00 – 10:10 Kila mtu anataja kitu kimoja tu kinachomsumbua. Kimoja jamani, sio silabasi nzima.

10:10 – 10:50 Kwizi. Zamu imezunguka, aliyeandika notsi wiki jana leo ndo anaongoza, na anayeongoza leo wiki ijayo anaandika, hamna kukimbia. Maswali 10, kuanzia seli hadi jenetiki, madaftari yamefungwa na simu zipo kifudifudi. Swali likisomwa kila mtu anaandika jibu lake kwanza ndo tunasema, maana tukijibu kwa sauti wale wawili wenye midomo mepesi wanamaliza kila kitu na sisi wengine tunaitikia tu "eeh nilijua" na hatukujua lolote. Kiongozi, usiulize "mitosisi ni nini", uliza kama pepa inavyouliza: seli ya kromosomu 46 ikipita meiosisi zinatoka seli ngapi na kila moja ina ngapi? (4, zenye 23. Wiki jana nusu yetu tuliandika 2 zenye 46, hiyo ni mitosisi.)

10:50 – 11:00 Mapumziko.

11:00 – 11:35 Yale tuliyokosa tu. Aliyepata anamfundisha aliyekosa, ubaoni, bila kusoma. Osmosisi nadhani itakula muda, watu bado wanasema chumvi ndo inahama wakati ni maji yanayopita utando kwenda kwenye myeyusho mzito zaidi.

11:35 – 12:00 Notsi za saa moja ya mwisho. Ukurasa mmoja, upande mmoja, kwenye dokumenti yetu ya pamoja, na linaingia lile tu lililokosewa na watu wawili au zaidi, kama wote tunalijua halina kazi pale. Mwandishi anafunga Jumapili saa 2 usiku, baada ya hapo hakuna kuongeza kitu. Mpaka sasa zipo:

```
6CO2 + 6H2O -> C6H12O6 + 6O2   (mwanga + klorofili)
Aa x Aa -> 1 AA : 2 Aa : 1 aa  (kwa macho 3:1)
mitosisi: seli 2, idadi ileile
meiosisi: seli 4, nusu
```

Jumatatu tunakutana saa 2 nje ya chumba cha mtihani. Dakika 20 kila mtu anasoma ukurasa kimya, dakika 20 tunaulizana wawili wawili, halafu karatasi mfukoni, choo, maji, kalamu mbili. Mada mpya marufuku, ukisikia mtu anaanza "hivi mmesoma ile ya..." mhamishe.

Kama Alhamisi huji sema leo, hasa wewe kiongozi wa kwizi, ili anayefuata aandae maswali.