Barua kwa muuzaji: tupeni kwa maandishi maelezo ya usalama wa BIOS kabla hatujanunua laptopu 85

Skuli ya Sekondari,
Kitengo cha TEHAMA,
Wete, Pemba.

Kumb. Na. TEHAMA/LP/04/2026
19 Januari 2026

Meneja wa Mauzo,
Duka la Kompyuta, Darajani,
Unguja.

Ndugu Meneja,

Assalamu alaykum.

YAH: OMBI LA MAELEZO YA USALAMA WA PROGRAMU DHIBITI

Profoma yenu tumeipokea na Mwalimu Mkuu ameshaipitia. Bei inaingia kwenye bajeti: laptopu mpya 60 kwa maabara mbili za wanafunzi, na 25 zilizotumika kwa ajili ya walimu. Hata hivyo kamati ya ununuzi haitatia saini mpaka tupate majibu yenu ya maandishi juu ya jambo ambalo profoma haikuligusa, nalo ni programu dhibiti, yaani ile BIOS au UEFI inayoamka kabla ya Windows.

Naomba nieleze kwa nini nalishikilia hili. Miaka mitatu nyuma muuzaji mwingine alituletea laptopu 20 zilizotumika. Saba zilikuwa na nywila ya BIOS ya mwenyewe wa kwanza, hatukuweza hata kuziwasha kwa flashi tuweke Windows upya. Mbili, kila tukifuta diski na kuziunganisha na mtandao, zilidai akaunti ya kampuni ya ng'ambo. Na moja ilifia mikononi mwangu. Betri yake ilikuwa imechoka, nikawa nasasisha BIOS, umeme ukakatika katikati ya kazi, na skrini haikuwaka tena. Kumi katika ishirini, zimo stoo mpaka leo. Fedha ile ilitokana na michango ya wazazi, wavuvi na wachumaji karafuu. Kila tulipodai tuliulizwa karatasi iko wapi, na karatasi hatukuwa nayo. Ahadi zote zilikuwa za simu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sasa maswali yenyewe.

Profoma inasema "Core i5, RAM 8, SSD 256". Hiyo haitoshi kujua tunanunua nini. Nahitaji jina kamili la modeli kama lilivyo kwenye kibandiko cha chini, toleo la BIOS litakalokuwemo siku ya kukabidhiwa na tarehe yake, pamoja na ukurasa wa mtengenezaji unaotoa masasisho ya modeli hiyo. Muhimu zaidi, mtengenezaji ataendelea kutoa masasisho ya usalama ya BIOS mpaka mwaka gani? Laptopu za skuli hukaa miaka sita au saba. Kwa zile 25 zilizotumika swali hili lina uzito zaidi, maana huenda muda wake umeshapita.

Jingine ni vyeti vya Secure Boot, ule ulinzi wa UEFI unaoruhusu kuanza programu zenye saini inayoaminika tu. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo kompyuta nyingi zinavitegemea, vinaanza kuisha Juni 2026, miezi mitano tu kutoka leo. Mashine isiyo na vyeti vipya vya 2023 itaendelea kuwaka, lakini haitapokea tena ulinzi mpya wa hatua ile ya kuwashwa. Nataka mthibitishe kwamba laptopu zote 85 zitakuja na vyeti vya 2023, au kwamba toleo la BIOS linalovileta lipo na mtaliweka ninyi kabla ya kuzipakia botini.

Kuna pia suala la ufunguo mkuu wa Secure Boot. Julai 2024 watafiti walitangaza tatizo lililopewa jina PKfail: mamia ya modeli, za watengenezaji mbalimbali, zilitoka kiwandani zikiwa na ufunguo wa majaribio ulioandikwa wazi "DO NOT TRUST", na nakala ya siri ya ufunguo kama huo ilikuwa imeshavuja mtandaoni. Mwenye nakala hiyo anaweza kuipitisha programu yake mbovu kama halali. Kuangalia ni kazi ya dakika moja. Fungueni PowerShell kama msimamizi, muandike:

```
[System.Text.Encoding]::ASCII.GetString((Get-SecureBootUEFI PK).bytes) -match "DO NOT TRUST|DO NOT SHIP"
[System.Text.Encoding]::ASCII.GetString((Get-SecureBootUEFI db).bytes) -match "Windows UEFI CA 2023"
```

Mstari wa kwanza unatakiwa ujibu `False`, wa pili `True`. Nipigieni picha ya skrini kwa kila modeli.

Kwenye profoma mmeandika kwamba mtatuwekea bure nembo ya skuli ionekane laptopu inapowashwa. Nashukuru kwa moyo huo, wanafunzi wangefurahi, lakini nembo hiyo naomba isiwekwe kwanza. Desemba 2023 ilitangazwa kasoro iitwayo LogoFAIL: sehemu ya UEFI inayosoma picha ya nembo inaweza kulaghaiwa kwa picha iliyotengenezwa kwa hila, ikaendesha programu ya mshambuliaji kabla Windows haijaanza na kabla ya ulinzi wowote tunaouweka sisi. Niambieni toleo gani la BIOS la modeli hizi limeziba kasoro hiyo, na kama mtengenezaji ameacha mlango wa kubadilisha nembo, unafungwaje.

Mtu anaweza kuona nazidisha. Hizi laptopu 25 ndizo walimu watakazoandikia mitihani ya ndani na kuwekea matokeo ya watoto. Kirusi cha kawaida nikikiona nafuta diski, yamekwisha. Kilichoingia kwenye BIOS hakiondoki kwa kufuta diski wala kwa kuibadilisha. LoJax, aliyegunduliwa mwaka 2018, alikuwa wa namna hiyo. Mimi sina kifaa cha kuandika upya chipu ya BIOS hapa Wete, na kusafirisha mashine hadi Unguja kila mara hatuwezi.

Ndiyo maana nauliza pia: je, BIOS inakataa sasisho lisilo na saini ya mtengenezaji? Inakataa kurudishwa kwenye toleo la zamani lenye kasoro? Na umeme ukikatika katikati ya sasisho, mashine inajirejesha yenyewe au imekufa? Ikifa ndani ya muda wa dhamana, nani anagharamia boti ya kwenda na kurudi?

Zile zilizotumika zije bila nywila ya BIOS, chipu ya TPM inayotunza funguo za siri ikiwa imefutwa, na kila moja iambatane na karatasi yenye namba yake ya usajili inayothibitisha kuwa mwenyewe wa kwanza ameiondoa kwenye mfumo wake wa usimamizi. Kama kwenye BIOS kuna Computrace au Absolute, ile programu ya kufuatilia na kufunga laptopu kutoka mbali, nielezeni imewekwa katika hali gani. Laptopu isiyo na karatasi hiyo tutairudisha siku ile ile.

Majibu yawe kwenye karatasi yenye nembo ya duka, yasainiwe na kupigwa muhuri. Yataambatanishwa na mkataba. Ambalo hamna jibu lake, liulizeni kwa mtengenezaji au msambazaji wenu, na kama halikupatikana, andikeni kuwa halikupatikana. Hilo nitalipokea vizuri kuliko jibu la kubahatisha.

Naomba yatufikie kabla ya Ijumaa, 6 Februari 2026, ili malipo yapitishwe kabla ya Ramadhani. Wakati huo huo tutumieni laptopu moja ya kila modeli kwa boti ya Mkoani. Nitaipokea bandarini mwenyewe, nitaikagua siku mbili, na itarudi kwenu kama ilivyokuja.

Wenu,

Msimamizi wa TEHAMA

Nakala: Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti, Kamati ya Ununuzi