Skripti ya tangazo la redio sek 30: punguzo la kabla ya mvua, hadwea ya geti la bluu

Studio, hii ndo skripti ya mwisho, ile ya juzi itupeni. Muda sek 30 kamili, sauti tatu: Mama, Baba, Mtangazaji. Inaanza kuruka Jumapili jioni tarehe 2, ofa yenyewe ni Jumatatu tarehe 3 mpaka Jumamosi tarehe 15. Mziki usiingie kabla ya sekunde ya 12, nawaomba sana, tangazo lote linabebwa na tone la maji.

TOLEO LA KWANZA (tarehe 2 mpaka 12)

[Sek 0] SAUTI: Usiku. Mvua juu ya bati, kwa mbali. Tone kwenye sufuria: to... to...

[Sek 2] MAMA (na usingizi): Baba watoto... sufuria imejaa.

BABA: Si nimeimwaga sasa hivi?

MAMA: Hiyo ya sebuleni. Mi nasema hii ya kitandani!

SAUTI: Tone linaongeza kasi: to, to, to, to.

BABA: Basi sogea huku.

MAMA: Huku nako kuna beseni!

[Sek 12] SAUTI: Mvua inakatika ghafla. Kimya nusu sekunde. Mziki unaingia chini chini.

[Sek 13] MTANGAZAJI: Acha kuhamisha kitanda, badilisha bati! Hadwea ya geti la bluu, mkabala na stendi, imeshusha bei asilimia 15! Mabati, kofia, gata na mabomba. Jumatatu tarehe 3 mpaka Jumamosi tarehe 15. Geti la bluu, mkabala na stendi!

[Sek 26] SAUTI: Mziki unakatika. Tone moja: to.

BABA: Lala, asubuhi naenda.

MAMA: Nenda sasa hivi, ukasubiri getini!

[Sek 30] MWISHO.

Kwa wasomaji: Mama hana hasira, amechoka tu, ni mtu ambaye hii ni mara ya tatu anaamka usiku huohuo, akipiga kelele tangazo limekufa. Kelele aziweke kwenye "beseni" peke yake. Baba anaongea kama mtu aliyefunikwa shuka mpaka puani. Mtangazaji asome "asilimia kumi na tano", ile "fiftini pasenti" hapana, na tarehe azitamke taratibu hata kama hapo kwingine anakimbia, maana mtu yuko kwenye daladala hana kalamu.

Fundi mitambo, tone lirekodiwe kwenye sufuria ya kweli yenye maji kidogo chini, kama vidole viwili hivi, ikiwa tupu inalia ti ti kama kengele na msikilizaji haelewi ni nini. Na mvua iwe chini ya sauti za watu, tulishawahi kufanya tangazo mvua ikameza jina la duka, mteja akalipa watu wasikie mvua.

Ikizidi sek 30 toeni mstari wa "Basi sogea huku", Mama aseme "Na huku kuna beseni!" moja kwa moja. Msiguse kutajwa kwa duka mara mbili. Mtangazaji pia asiongeze "bidhaa zote" kwa mdomo wake, najua inateleza vizuri ila saruji na rangi hazimo kwenye ofa, mwenye duka kasema faida ya saruji ni nyembamba haikatiki, sasa mtu akija na kirikuu kubeba saruji akaambiwa bei ni ileile, lawama atazikuta keshia ambaye hata studio haijui iko wapi.

TOLEO LA PILI (Alhamisi 13 mpaka Jumamosi 15)

Mwanzo ni uleule mpaka mziki unapoingia baada ya "kuna beseni!". Hapo badilisheni hivi:

[Sek 13] MTANGAZAJI: Bado mnahamisha kitanda? Jumamosi hii tarehe 15 ndo mwisho! Asilimia 15 chini kwa mabati, kofia, gata na mabomba. Hadwea ya geti la bluu, mkabala na stendi. Jumapili bei inarudi juu!

[Sek 26] SAUTI: Mziki unakatika. Geti la chuma linafunguliwa, kriiii.

MAMA (kwa mbali, anaita): Na gata usisahau!

BABA (anahema): Nimeshafika!

[Sek 30] MWISHO. Hapa tone lisisikike tena kabisa.