Bibi Anapouliza Babu Yuko Wapi

Kila jioni, giza likianza kuingia, bibi huniuliza: "Babu yako hajarudi tu?" Babu alifariki miaka 6 iliyopita. Bibi alimuuguza mpaka mwisho na mazishini alikuwepo. Lakini ana ugonjwa wa kusahau, ambao mara nyingi huanza na kumbukumbu za karibuni na kuziacha za zamani. Siku ya ndoa yake anaisimulia vizuri; msiba umefutika.

Mwanzoni nilimwambia ukweli. Alishika ukingo wa kitanda, akauliza kwa sauti ndogo: "Amekufa lini? Mbona hamkuniambia?" Akalia kama aliyefiwa saa hiyo hiyo. Kesho yake akauliza tena, akalia tena. Siku ya nne nikasema, "Yuko njiani, bibi." Akatabasamu, akaniagiza nimfunikie chakula kisipoe.

Nilijiambia kuwa huo ni upendo. Nilimkumbuka Kant, mwanafalsafa aliyeshikilia mwaka 1797 kwamba hata muuaji akija kumtafuta rafiki uliyemficha, huna haki ya kumdanganya. Msimamo huo niliuona mkali kupita kiasi, na ukali wake ukanipa kisingizio: kama muuaji anastahili kudanganywa, sembuse bibi anayeumia? Sasa naona nilivyojipotosha. Muuaji ni adui mlangoni. Bibi ananiamini, tena hana njia ya kuhakikisha ninayomwambia.

Na kuna jambo ninaloona aibu kuliandika. Siku ile ya nne nilikuwa nimechoka, nina kazi ya kumaliza, na kilio chake kilinikera. Uongo wa kwanza niliusema ili ninyamazishe kilio, nipate nafasi yangu. Huruma niliitafuta baadaye, ili niufunike.

Uongo wenyewe haukumpa amani niliyoitarajia. Jioni moja alikataa kula mpaka babu afike. Alikaa akitazama mlango, sahani iliyofunikwa iko mapajani, hadi usingizi ukamchukua pale pale kitini. Nilipoiondoa sahani, vidole vyake vilikuwa bado vimeikamata.

Tangu hapo simwambii yuko njiani. Humwambia, "Umemkumbuka, eh? Hebu nisimulie mlivyokutana." Mara nyingi husimulia, kisha hula. Sijioni mkweli kamili kwa hilo, kwani najua ninalikwepa swali.

Wiki iliyopita hakukubali kukwepwa. Alinitazama usoni akasema, "Amekufa, sivyo?" Nikamjibu, "Ndiyo, bibi." Nikasubiri kilio. Badala yake akauliza, "Mimi nilikuwepo?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la ukweli wangu wa mwanzo. Nilikuwa nikimpa kifo kitupu, bila kumwambia nafasi yake ndani yake, kama mtu asomaye tangazo. Nikamsogelea.

"Ulikuwepo. Ulimshika mkono usiku kucha."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi vizuri," akasema, akaomba chakula chake.