Usaili wa msimamizi wa saiti: jengo la ghorofa 4, Njedengwa, Dodoma

Waliopo: Mhandisi (meneja wa mradi), Ofisa Utumishi na mwombaji.

MWOMBAJI: Shikamoo Mhandisi. Habari za asubuhi, dada.

MHANDISI: Marahaba, karibu ukae. Vyeti tumeviona, kwa hiyo twende kwenye kazi. Siku ya kumwaga zege unafika saa 12 asubuhi, getini wapo watu 60 na wewe unahitaji 40. Unafanyaje?

MWOMBAJI: Naanza na waliofanya vizuri zege lililopita, majina yao yapo kwenye daftari. Kila anayeingia naandika jina, simu yake na simu ya ndugu yake. Mtu akianguka saa 5, si wakati wa kuulizana huyu anaitwa nani. Kijana nikimtilia shaka umri naomba kitambulisho. Chini ya miaka 18 haingii, hata kama mjomba wake ndiye fundi mkuu. Halafu malipo na saa ya kumaliza nayatamka palepale, wote wakisikia.

OFISA UTUMISHI: Kwa nini wote wasikie? Si kazi ya nyapara hiyo?

MWOMBAJI: Nyapara akiachiwa kuajiri na kulipa, anakata chake. Kibarua aliyekatwa elfu mbili hawezi kuja kuniambia ubao wa jukwaa umepasuka, anajua atakayesema hataitwa kesho. Ndiyo maana nalipa kwa simu moja kwa moja, kwa jina lililoandikwa getini. Nyapara abaki kupanga watu na kazi.

MHANDISI: Jua la Dodoma unalijua. Ikifika saa 4 wanavua helmeti.

MWOMBAJI: Kwanza naikagua helmeti yenyewe. Mara nyingi mikanda ya ndani imekatika, inamwangukia usoni kila akiinama. Nikishambadilishia, akivua tena namwita pembeni, simfokei mbele ya wenzake. Akiendelea, namlipa saa zake anaondoka. Na mwenye ndala hagusi zege. Saruji mbichi inachoma ngozi polepole, mtu anakuja kushtuka usiku, kwa hiyo gambuti na glovu zitoke stoo yetu. Jambo lingine, Mhandisi, wengi wanakuja hawajala. Mwenye njaa anayepandisha ndoo za zege ngazini ni hatari kwake na kwa aliye chini yake. Naomba mama ntilie alete chai na chapati kabla ya kuanza, kwa gharama ya mradi.

OFISA UTUMISHI: Tupe siku uliyosimamisha kazi.

MWOMBAJI: Tulikuwa tunachimba mtaro wa majitaka, kina kama mita 2. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi nikaona udongo umerundikwa ukingoni kabisa, na nyufa zimepita sambamba na mtaro. Mkandarasi alitaka mabomba yalazwe siku hiyohiyo. Niliwatoa wote. Mita moja ya ujazo ya udongo inazidi tani moja na nusu, na aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi hata kichwa kikiwa nje. Tulisogeza udongo zaidi ya mita moja kutoka ukingoni, tukazuia kuta kwa mbao na mirunda, tukaweka ngazi. Mabomba yalilazwa kesho yake. Ukuta haukuanguka, na ningefanya vilevile leo. Vibarua walilipwa siku nzima.

MHANDISI: Siku nzima, na hawakufanya kazi?

MWOMBAJI: Aliyeniita kuziangalia zile nyufa alikuwa kibarua. Ningemkata, kesho angenyamaza.

MHANDISI: Mwenye jengo anataka mirunda inayoshikilia jamvi la zege itolewe siku ya 7 baada ya kumwaga.

MWOMBAJI: Haitoki. Mchoro unategemea nguvu ya zege ya siku 28. Kutoa mapema kunahitaji matokeo ya vipande vya majaribio na maandishi ya mhandisi wa miundo. Namkalisha mwenye jengo, namwonyesha matokeo. Tangu jengo liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, ukimweleza kwa utulivu anasikiliza.

OFISA UTUMISHI: Na ajali ikitokea?

MWOMBAJI: Majeruhi kwanza, gari la kumpeleka hospitali liwe limepangwa tangu asubuhi. Eneo linafungwa, hakuna kusogeza kitu. Ndugu anapigiwa. Taarifa inakwenda OSHA, wakala wa usalama kazini, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na daftari la getini linathibitisha kwamba alikuwa kazini.

MHANDISI: Una swali?

MWOMBAJI: Moja. Nikisimamisha kazi kwa usalama, vibarua watalipwa kutoka fungu gani?

MHANDISI: Kwenye bajeti halipo.

MWOMBAJI: Basi naomba liwekwe kabla sijasaini mkataba. Bila hilo, siku ya kwanza ya kusimamisha kazi nitakuwa nawaomba wao ndio wagharamie.

MHANDISI: Dada, liandike. Nitalipeleka kwa mkurugenzi leo mchana.