Kosa liko mstari wa tatu: nimeifuata picha yako

Mdogo wangu, salamu. Picha ya daftari uliyonitumia jana usiku nimeifungua asubuhi hii, kalamu mkononi, nikaifuata mstari kwa mstari. Kona ya juu imekatika na kivuli cha simu kimelala upande wa kulia, lakini panaposomeka panatosha.

Swali lenyewe ni la wanawake watatu walionunua kwa muuzaji mmoja sokoni Arua. Wewe umeweka x kuwa bei ya kilo ya maharage, y ya mchele, z ya sukari, zote kwa maelfu ya shilingi. Umeanza hivi:

```
1  2  1 | 17
2  1  3 | 23
3  2  2 | 27
```

Hapo huna kosa. Wa kwanza alichukua kilo 1 ya maharage, 2 za mchele na 1 ya sukari, akalipa 17,000. Wengine wawili wanafuata vivyo hivyo.

Ukaondoa x kwenye mstari wa pili kwa R2 − 2R1: 2−2 ni 0, 1−4 ni −3, 3−2 ni 1, 23−34 ni −11. Safi kabisa. Kisha R3 − 3R1, nawe umeandika:

```
0  -4  1 | -24
```

Hapa nilisimama. Tarakimu ya tatu ni 2 − 3×1, yaani −1. Kwanza nilidhani alama ya kutoa imemezwa na kivuli, nikaikuza picha bila kupata kitu. Hatua iliyofuata ndiyo iliyonijibu. Ulipofanya 3R3 − 4R2, nafasi hiyo umeandika 3−4 = −1. Hiyo 3 inatoka kwa 1, haiwezi kutoka kwa −1. Basi hasi haikufichwa na picha, uliisahau wewe.

Kuanzia hapo hesabu yako ni sahihi, ila juu ya tarakimu isiyo sahihi. Umepata −z = −28, z = 28. Ukarudi juu: −3y + 28 = −11, y = 13. Halafu x = 17 − 26 − 28 = −37. Mdogo wangu, nani atakupa kilo ya maharage na shilingi 37,000 juu yake? Na sukari ya 28,000 kwa kilo mama angeirudisha dukani.

Sasa tazama jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Chukua majibu yako hayo hayo uyatie kwenye milinganyo ya mwanzo. Wa kwanza: −37 + 26 + 28 = 17, unakubali. Wa pili: −74 + 13 + 84 = 23, nao unakubali. Wa tatu: −111 + 26 + 56 = −29, na ulitakiwa kupata 27. Mlinganyo wa tatu peke yake ndio umekataa. Hapo unajua kwamba R1 na R2 ziko salama, na kosa liingie wapi kama si kwenye kazi uliyoifanya R3. Hukuhitaji kurudia ukurasa mzima, wala kunisubiri mimi hadi asubuhi.

Ukirekebisha, R3 inakuwa 0, −4, −1 | −24. Sasa 3R3 − 4R2: −12+12 ni 0, −3−4 ni −7, −72+44 ni −28.

```
1  2  1 |  17
0 -3  1 | -11
0  0 -7 | -28
```

−7z = −28, z = 4. Kisha −3y + 4 = −11, y = 5. Mwisho x = 17 − 10 − 4 = 3. Maharage 3,000, mchele 5,000, sukari 4,000. Mlinganyo wa tatu: 9 + 10 + 8 = 27.

Kuzidisha R3 kwa 3 ili kukwepa sehemu ni uamuzi mzuri, nimeupenda. Ukitatua milinganyo hauharibu chochote, maadamu huzidishi kwa sifuri. Lakini siku ukiulizwa kitambuzi cha matriksi, kumbuka ile 3. Ukizidisha ulalo utapata 1 × −3 × −7 = 21, na kitambuzi cha kweli ni 21 gawa kwa 3, yaani 7.

Pembeni mwa kila mstari mpya andika ulichofanya, kama ulivyoandika 3R3 − 4R2. Kwenye hatua ya R3 − 3R1 hukuandika, ikabidi nikisie.

Swali la pili sijaligusa kwa sababu nusu yake iko nje ya picha. Lipige upya mchana, daftari likiwa bapa mezani karibu na dirisha, ukiwa umeshatia majibu yako kwenye milinganyo yote mitatu. Niandikie ni upi uliokataa.