Daftari la Mvua la Kombo

Kombo alianza na kopo la maziwa ya unga, Februari mosi, 2021. Alichagua kopo hilo kwa sababu ubavu wake umesimama wima, mdomo na kitako ni sawa. Chombo kilichotanuka juu kama bakuli hukusanya maji kwa mdomo mpana na kuyaweka kwenye kitako chembamba, na mvua ya milimita 10 ikaonekana 20. Kopo likiwa wima, kina cha maji ndicho kipimo chenyewe, hakuna haja ya kujua upana wake. Na milimita moja maana yake ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba ya shamba.

Siku ya kwanza alilitega chini ya mkarafuu, nyuma ya nyumba yao huko Mtambwe, Pemba. Mvua ikanyesha usiku kucha, kopo likatoa milimita 3, na ndoo ya bibi yake iliyosahauliwa uwanjani ikakutwa na maji ya kutosha kuoshea vyombo vyote. Majani yalikuwa yameikinga. Akalihamishia uwanjani, mbali na mti wowote kwa umbali unaozidi urefu wa mti huo mara mbili. Akalifukia kitako ili upepo usiliangushe, mdomo akauacha shubiri moja juu ya ardhi, matone yanayoruka kutoka kwenye udongo yasiingie.

Kosa la pili lilimchukua wiki tano kuligundua. Rula yake ya shule haikuanza sifuri pale inapokatika. Kulikuwa na kipande kitupu cha milimita 4. Kila alipoisimamisha ndani ya kopo alisoma pungufu. Vipimo vya nyuma akaviongeza 4 kimoja kimoja, kwa kalamu nyekundu. Lakini siku alizoandika 0 hakuweza kuzitengeneza, kwa kuwa mvua ya milimita 3 nayo ilisomeka 0. Kurasa hizo aliziacha na alama ya kuuliza, kisha akaisugua rula kwa msasa mpaka sifuri ikafika ukingoni.

Alisoma kopo kila siku saa 12 na nusu asubuhi, kabla ya shule, akalimwaga na kulirudisha. Akichelewa mpaka mchana wa jua kali, bati linapata moto na maji yanapungua. Mvua iliyolowesha kopo bila kupimika aliiandika "matone". Siku mbili alizolala kwa homa hakubuni kitu: alipopona alikuta milimita 22, akaandika "22, siku mbili" na kuzifunga kwa mstari mmoja. Pembeni ya kila kipimo aliandika upepo, kaskazi au kusi, kwa kutazama makuti ya mnazi yanalalia upande gani.

Tarehe alizipa miezi aliyofundishwa chuoni: Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfunguo Mosi. Na mwishoni mwa 2023, alipozikunjua kurasa za miaka mitatu sakafuni, aliona kitu kilichomfanya akimbilie barazani kwa babu yake.

"Babu, nimeijua masika! Mwaka wa kwanza imeshuka Shaabani kumi. Wa pili, Shaabani mwishoni. Wa tatu, Shaabani ishirini na nane. Masika ni ya Shaabani."

Babu aliliangalia daftari muda mrefu. Hakucheka. "Na vuli?"

Kombo akapekua. Vuli ya 2021 ilikuwa Mfunguo Sita. Ya 2022, ile iliyonyesha kidogo, Mfunguo Saba. Ya 2023, iliyofurika mabonde, Mfunguo Saba tena.

"Basi imeshaanza kukukimbia. Mimi nimefunga Ramadhani ndani ya vuli, nikafunga ndani ya kipupwe, nikafunga juani kiangazi. Mwaka wa mwezi mwandamo huuwahi mwaka wa jua kwa siku kumi na moja, mjukuu wangu. Shaabani ijayo inaanza lini?"

Kombo alihesabu vidole. Februari 11 au 12.

"Umewahi kuandika masika Februari?"

Hakuwahi.

Babu akaomba ukurasa mtupu. Wavuvi na wakulima wa visiwa hivi, alimweleza, huhesabu siku kutoka Nairuzi, mwaka mpya wao, mwishoni mwa Julai. Siku kumi ni mwongo mmoja. Miongo 36 na siku 5 za kufungia, ndio mwaka: 365. Nairuzi ikiwekwa Julai 23, mwongo wa 10 unaanza Oktoba 21, na wa 25 unaanza Machi 20.

Kazi ya kuvihamisha vipimo ilichukua usiku tatu. Kombo alichora mstari mmoja kwa kila mwongo na safu moja kwa kila mwaka, akajumlisha milimita za siku kumi kumi. Masika ya 2021, Machi 24: mwongo wa 25. Ya 2022, Aprili 2: wa 26. Ya 2023, Machi 21: wa 25. Vuli tatu zikakaa kwenye miongo ya 10, 11 na 9. Kiasi cha maji kilitofautiana vibaya sana mwaka hadi mwaka, na hapo daftari halikumpa lolote la kushika. Mahali pa kuanzia ndipo palipotulia.

Kisha akaona jambo ambalo babu hakumwambia. Kabla ya kila masika palikuwa na mvua moja peke yake: milimita 18, Machi 3, 2021, milimita 24, Machi 12, 2022, milimita 15, Machi mosi, 2023. Baada yake ukavu, siku 13, siku 11, siku 9. Na pembeni ya siku zote hizo alikuwa ameandika neno lile lile: kaskazi. Upepo ulikuwa haujageuka.

Februari 27, 2024 kopo lilitoa milimita 26. Asubuhi hiyo bonde zima lilijaa majembe. Bibi alikwishatoa mbegu ya mpunga, pishi sita ndani ya pakacha.

"Bibi, makuti hayajageuka, upepo bado ni kaskazi. Na mwongo ni wa 22."

"Wenzangu wote wanapanda, Kombo. Nikikaa nyuma, nyasi zitanitangulia."

Mtoto akamfungulia daftari, akamwekea kidole kwenye ile mistari mitatu ya sifuri. Bibi alisoma polepole, akifuata kidole. Kisha akagawa pakacha: pishi tatu akaenda nazo bondeni, tatu akazirudisha uchagani.

Mpunga wa bondeni ulichipua siku ya sita. Siku ya kumi udongo ulikuwa umepasuka, na vichipukizi vimelala chini rangi ya majani makavu. Mbegu iliyokuwa haijaota, sisimizi waliibeba. Kombo aliandika 0 siku 20 mfululizo, akaandika na siku ambayo makuti yaligeuka: Machi 20.

Usiku wa kuamkia Machi 23, mvua ilianza kabla ya daku. Saa 12 na nusu kopo lilikuwa na milimita 41. Siku ya pili 17. Siku ya tatu 29, kusi. Bibi alizishusha pishi tatu kutoka uchagani, akamkabidhi Kombo jembe dogo, wakashuka bondeni wote wawili na saumu zao.